Video ya dakika 11 watu wanakimbia, ya dakika 2 na nusu YouTube wameimeza kava yangu. Nirefushe au nifupishe?

TuiLaKwanza (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Nina kachaneli kangu ka mapishi YouTube, huu mwaka wa pili. Napikia hapa hapa Tanga, jiko la mkaa, kamera ni simu kwenye stendi. Wafuasi 2,300 na kidogo, saa za kutazamwa nimefika 3,100, bado sijaingia kwenye malipo.

Nina maswali mawili yananikosesha usingizi.

La kwanza, video yangu ya mkate wa kumimina. Ina dakika 11 na sekunde 40. Mtu wa kawaida anaangalia dakika 2 na sekunde 50, anaondoka. Robo tu ya video! Na ile siku niliamka saa kumi alfajiri kuirekodi.

La pili, nilipiga video ya vitumbua kwa simu wima, dakika 2 na sekunde 40. Nikakaa nusu siku natengeneza kava, nikaipakia, YouTube hawaionyeshi. Wanaonyesha kipande chochote tu, nimefumba macho halafu mkono umeshika bakuli. Nimefuta nikapakia tena, vile vile.

Ndugu yangu mmoja anasema nitafute urefu mmoja na kava moja nitumie kote: YouTube, TikTok, Instagram na status. Kweli inawezekana?

Kijana_wa_Bando

Dada hii rahisi sana usijichoshe. YouTube weka dakika 8 na sekunde kadhaa, hapo ndipo tangazo la katikati linapoingia. TikTok weka dakika 1 na sekunde 1, chini ya hapo hawalipi. Kava weka uso wako umeshangaa mdomo wazi, mshale mwekundu, maandishi makubwa ya njano. Algorithimu inapenda hivyo. Umemaliza.

NyumaYaMlango

Nimeweka kambi hapa, na mimi nina chaneli ya kuku. Fundi wa mambo haya akija mniite.

MkataPicha

Bando, umesema kweli nusu, na hiyo nusu ndiyo itampoteza dada wa watu.

Dakika 8 ni kweli. Kuanzia Julai 2020 matangazo ya katikati yanaruhusiwa kwenye video ya dakika 8 na zaidi, zamani ilikuwa 10. Lakini yeye hajaingia hata kwenye malipo. Tangazo la katikati linamhusu nini mtu anayetafuta saa 900 za kutazamwa ili afikishe 4,000? Akiivuta video ifike 8 kwa kujaza maneno, watu watazidi kukimbia.

TikTok ya dakika 1 na kitu nayo ni kweli, kwa nchi walizozitaja kwenye mpango wao wa malipo: Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani, Korea Kusini, Brazili, Meksiko. Unaiona Tanga hapo? Watu wengi hapa nyumbani wanavuta video zao hadi sekunde 61 kwa pesa ambayo haiji kwao.

Dada Tui, tuanze na la pili kwa sababu lina jibu fupi. Angalia anwani ya hiyo video ya vitumbua. Kama ndani yake kuna neno `/shorts/`, basi YouTube haiichukulii kama video ya kawaida. Tangu tarehe 15 Oktoba 2024, video yoyote ya wima au ya mraba isiyozidi dakika 3 inahesabiwa shoti. Zamani mwisho ulikuwa sekunde 60. Shoti haina pa kuwekea ile kava unayotengeneza pembeni. Unachoruhusiwa ni kuchagua fremu moja ya ndani ya video yenyewe, na hiyo unaichagua kwenye simu wakati wa kupakia. Ukipakia kwa kompyuta huioni nafasi hiyo, wanakuchagulia wao. Macho yaliyofumba yametokea hapo.

Kufuta na kupakia tena hakutasaidia. Ukitaka kava yako ionekane, piga video kwa mlalo. Dakika 2 na 40 za mlalo ni video ya kawaida na kava inakaa.

La mkate wa kumimina siwezi kulijibu hewani. Ingia YouTube Studio, fungua hiyo video, tafuta ile grafu ya watazamaji wanaobaki. Niandikie mstari unashuka wapi, unatulia wapi, na kama kuna mahali unapanda. Na useme kava yake ina nini.

Harusi_za_Kwetu

Samahani naingilia kidogo. Mimi napiga video za harusi, wateja wangu wanataka saa 3 kamili, kuanzia kumpamba bibi harusi hadi keki, na hakuna mtu amewahi kulalamika urefu. Kwa hiyo mimi naona hii habari ya kufupisha ni uvivu wa watazamaji wa mtandaoni. Ila na mimi nina shida: nilikata kipande wima, dakika 1 na sekunde 20, bibi harusi anaingia ukumbini na wimbo nyuma, nikaweka YouTube, wakaizuia yote haionekani popote. Kipande kingine cha sekunde 50, wimbo ule ule, kipo hewani mpaka leo. Hii ndiyo haki gani?

MkataPicha

Kaka, saa 3 za harusi wanaziangalia waliokuwepo ukumbini na wajomba zao. Yule hahitaji kava, anajitafuta mwenyewe kwenye skrini. Dada Tui anatazamwa na mtu asiyemjua kabisa, hilo ni soko lingine.

Shida yako ina sababu. Shoti inayozidi dakika 1 ikidaiwa na mwenye wimbo kupitia mfumo wa hakimiliki wa YouTube, inazuiwa dunia nzima. Ya chini ya dakika 1 mara nyingi inabaki hewani. Kata kile kiingilio kiwe sekunde 55, au acha sauti ya vigelegele vya ukumbini peke yake. Mimi ningechukua vigelegele.

TuiLaKwanza

Mkuu MkataPicha, kweli, anwani ya vitumbua ina hilo neno. Miezi yote sikuwahi kuliangalia. Asante sana.

Haya grafu. Nimekaa nayo na daftari:

Mwanzo hadi 0:52 nasalimia, nawashukuru walionifuata, naomba wabonyeze kengele, nasema leo tunapika nini. Kwenye sekunde ya 30 wamebaki watu 38 katika 100.
Kutoka 1:00 hadi 1:45 naosha mchele. Unashuka pole pole.
1:45 hadi 2:10 nataja mahitaji. Hapa umetulia.
2:10 hadi 3:25 blenda inasaga mchele na tui. Unashuka tena, vibaya.
5:10 kuna kilima. Ndipo nainua upawa kuonyesha uji uwe mzito kiasi gani.
7:00 hadi 8:30 nimepalia moto juu na chini, nasubiri uive.
9:40 nakata mkate, kakilima kadogo.
10:10 hadi mwisho naaga na kushukuru.

Kava ni mkate mzima ukiwa kwenye sufuria, mimi pembeni natabasamu, na maandishi JINSI YA KUPIKA MKATE WA KUMIMINA MTAMU SANA KWA MKAA.

MkataPicha

Umefanya kazi nzuri kuliko wateja wangu wanaolipa.

Tazama namba mbili tu. Wastani wa mtu kuondoka ni 2:50. Mahali ambapo watu wanarudisha nyuma kuangalia tena ni 5:10, upawa. Kilima kwenye hiyo grafu maana yake ni hiyo, watu wamerudia au wamerukia hapo. Yaani kitu walichokifuata umekiweka zaidi ya dakika 2 baada ya muda ambao mtu wako wa kawaida ameshaondoka. Wastani hauna maana kwamba wote wanatoka 2:50, wengi wametoka kwenye salamu na wachache wamekaa hadi mwisho, lakini picha unaipata. Usijiulize kama dakika 11 ni ndefu. Jiulize upawa uko dakika ya ngapi.

Video ya mapishi haitazamwi kama vichekesho. Mtu ameandika mkate wa kumimina kwenye kisanduku cha kutafutia, mchele wake umeshalowa tangu jana usiku. Ana swali moja: kwa nini wangu hautoki matundu? Ukimwonyesha uzito wa uji mapema, atakaa kukuangalia unavyomimina. Usipomwonyesha, atavuta kidole mbele akutafutie mwenyewe au aende kwa mwingine.

Usiifute video. Ndani ya Studio kuna sehemu ya kuhariri, unaweza kukata vipande vya video iliyokwisha kupakiwa, anwani na maoni yanabaki pale pale. Huwezi kuongeza kipande kipya cha video, kukata tu. Mimi ningekata hivi:

Salamu ya sekunde 52, bakisha 4. Kuosha mchele sekunde 45, bakisha 3. Blenda dakika 1 na robo, bakisha sekunde 10. Kusubiri uive dakika 1 na nusu, bakisha sekunde 15. Kuaga dakika 1 na nusu, bakisha 10.

Piga hesabu, utakuwa umetoa dakika 5 na sekunde 10. Inabaki 6:30, na upawa umesogea toka 5:10 hadi 2:35. Hakuna hatua hata moja ya mapishi iliyopotea.

Ombi langu: kata kwanza, kava usiiguse. Subiri wiki mbili. Ukibadilisha vyote siku moja halafu namba zikapanda, hutajua umshukuru nani.

Kijana_wa_Bando

Lakini mkuu mbona kuna watu wana video za dakika 25 za mapishi na zinatazamwa milioni? Halafu 6:30 iko chini ya 8, akija kuingia kwenye malipo si ataanza kujuta?

MkataPicha

Wapo, na ukiziangalia utakuta ndani ya dakika 25 kuna mapishi manne, au kuna mama na mkwe wake wanataniana, mtu amekaa kwa ajili ya utani. Huko urefu umejaa kitu.

Kuhusu 8, hapo una hoja na sitakudanganya. Akishaingia kwenye malipo, video ya 8:20 inayotazamwa vizuri inaweza kumpa zaidi ya 6:30. Lakini basi ijazwe na jambo, kwa mfano aonyeshe mkate ulioharibika na sababu yake. Siyo blenda.

Bi_Shangazi_Maskati

Assalamu alaikum wanangu. Mimi sina chaneli, mimi ni mtazamaji tu niko Maskati, naangalia mapishi ya nyumbani kwenye televisheni ya jikoni huku mikono ina unga. Nasema hivi: msimkatie salamu yule mtoto. Mtu kuingia nyumbani kwangu bila hodi, ananyanyua upawa, hiyo adabu ya wapi? Mimi ndiyo huwa nakaa mpaka anaaga.

Ila ile kava kweli siielewi. Kwenye televisheni naona duara la kahawia, nilidhani kifuniko cha chungu.

TuiLaKwanza

Shangazi umeniua! Kifuniko cha chungu! Na mimi ndiyo kitu kinachonisumbua hapo kwenye salamu. Mama yangu anatazama kila video. Nikianza bila salamu atanipigia simu.

MkataPicha

Shikamoo shangazi. Sijasema asisalimie. Nimesema asisalimie akiwa amekaa, mikono mapajani. Video ijayo aanze na mkono unamimina tui kwenye mchele, sauti inasema Assalamu alaikum karibuni, leo mkate wa kumimina unaotoka matundu. Sekunde 4, hodi imepigwa na kazi imeshaanza. Shukrani za wafuasi ziende mwisho, kule walikobaki wenyewe.

Ila nakiri, grafu haimwoni shangazi. Inamhesabu kama mtu mmoja kati ya mia, wakati yeye ndiye atakayemtumia link dada zake saba. Sina jibu la hilo.

NyumaYaMlango

Kuku wangu wanasalimia wenyewe, sina shida hiyo. Sasa turudi kwenye kava wakuu, wiki mbili nyingi.

TuiLaKwanza

(wiki mbili na siku tatu baadaye)

Wakuu nimerudi. Nilikata kama nilivyoelekezwa. Video sasa ni 6:30. Kava sikuigusa, ingawa kila nikiiona nakumbuka kifuniko cha chungu.

Nimeangalia siku 14 baada ya kukata peke yake. Wastani umetoka dakika 2:50 hadi 3:05. Asilimia imetoka 24 hadi 47! Nimepiga vigelegele jikoni.

Kijana_wa_Bando

Hongera dada! Mara mbili! Basi ukikata hadi dakika 3 utapata asilimia 90.

MkataPicha

Bando taratibu. Na dada usinune, lakini vigelegele vipungue kidogo.

Asilimia imepanda hivyo kwa sababu video imefupika, siyo kwa sababu watu wamekaa mara mbili. Dakika 2:50 kati ya 11:40 ni robo. 3:05 kati ya 6:30 ni karibu nusu. Kila mtu amekuongezea sekunde 15 tu. Ukitaka kujidanganya, kata video iwe sekunde 40, asilimia itapaa na saa zako 4,000 hutazifikia mpaka wajukuu.

Linalonifurahisha mimi ni jingine. Mtu wako wa kawaida sasa anaondoka 3:05, na upawa uko 2:35. Ameona alichokijia. Ile ya kwanza aliondoka bila kukiona. Anayepata jibu anaweza kurudi kwa ajili ya vitumbua, aliyetoka mikono mitupu harudi.

Sasa tuje kwenye kava. Shangazi ameshasema tatizo: mkate mzima ni duara la kahawia ndani ya duara jeusi. Na yale maandishi ni kichwa cha habari kilichorudiwa, wakati kichwa chenyewe kipo chini ya picha. Maneno 10 kwenye simu ya inchi 6 hayasomeki. Fanya jaribio hili: jitumie hiyo kava WhatsApp, uiangalie ikiwa ndogo kwenye orodha bila kuifungua. Usichokitambua hapo, mtazamaji naye hakitambui.

Kata kipande, kishike kwa vidole viwili dirishani asubuhi, mwanga utokee ubavuni ili matundu yaweke kivuli. Kamera isogee mpaka kipande kichukue zaidi ya nusu ya picha. Maneno mawili tu, juu kushoto: MATUNDU HAYA. Kona ya chini kulia iache tupu, YouTube wanabandika muda wa video pale na watakufunika. Saizi 1280 kwa 720.

Harusi_za_Kwetu

Uso hauhitajiki? Mimi nilifundishwa bila uso hakuna kubonyezwa.

MkataPicha

Kwenye harusi, uso ndiyo bidhaa. Kwenye mkate, bidhaa ni matundu. Mtu anayekufahamu uso wako unamvuta, asiyekufahamu hauna maana kwake. Wafuasi 2,300 bado ni asiyekufahamu.

NyumaYaMlango

Nimesikia kuna mahali YouTube wenyewe wanakujaribia kava tatu?

MkataPicha

Ipo, ilianza kwa jina la Test & compare, unaiweka kwa kompyuta, inaonyesha kava tofauti kwa watu tofauti hadi wiki mbili. Uzuri wake, mshindi hapatikani kwa kubonyezwa, anapatikana kwa muda watu waliotazama. Kwa hiyo kava ya uongo inayovuta watu wanaotoroka haishindi. Ubaya wake, chaneli ndogo mara nyingi inamaliza wiki mbili bila mshindi, kwa kuwa waliooneshwa ni wachache. Jaribu ukitaka, ila picha ziwe tofauti kweli kweli. Mkate ule ule wenye rangi tatu za maandishi ni kupoteza muda.

TuiLaKwanza

(wiki nyingine mbili)

Nilijaribu, wamenijibu hakuna uhakika. Nikabadilisha tu kwa mkono, nikaweka kipande chenye matundu. Kubonyezwa kumetoka 3.1 katika kila mia wanaoiona hadi 5.4. Lakini wastani wa kutazama umeshuka, toka 3:05 hadi 2:56. Nimechanganyikiwa. Kava nzuri imeleta watu wabaya?

Kijana_wa_Bando

Asilimia 5 ni ndogo bado, lazima ufike 10 ndiyo YouTube wakusukume.

MkataPicha

Hakuna mstari wa 10. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zao ziko kati ya 2 na 10, na namba hiyo hushuka jinsi video inavyoonyeshwa kwa watu wengi zaidi, kwa kuwa inatoka kwa wanaokujua inaenda kwa wasiokujua.

Dada, fungua hapo kwenye vyanzo vya watazamaji utenganishe. Waliotoka kwenye kutafuta, na walioiona ukurasa wa mwanzo. Nadhani utakuta wa kutafuta wamekaa vile vile, ila wa ukurasa wa mwanzo wameongezeka, na wao hawana mchele uliolowa, wamevutwa na picha tu. Kama ni hivyo, hakuna kilichoharibika.

Lakini iko sababu nyingine inayowezekana, na hii ni kosa langu. Kava inaahidi matundu, na video yako haionyeshi matundu mpaka kwenye kukata, karibu na mwisho. Kukata kunapunguza tu, hakuongezi, kwa hiyo kwa hii video hatuna dawa. Inayofuata anza na kile kipande, sekunde 2, halafu ndiyo tui.

TuiLaKwanza

Nimefungua. Wa kutafuta 3:31. Wa ukurasa wa mwanzo 1:58, na ni wengi kuliko mwezi uliopita. Umepatia moja, labda zote mbili.

Sasa TikTok na Instagram. Nimekata kipande cha wima sekunde 38: matundu, upawa, kumimina, moto juu, mwisho matundu tena. Kava yake niitumie ile ile?

MkataPicha

Ile ya YouTube ni ya mlalo, ukiibana kwenye wima utakata kipande au vidole. Tengeneza nyingine, 1080 kwa 1920, lakini elewa inaonekana wapi. Mtu anayetembeza TikTok au rili haoni kava kabisa, video inaanza yenyewe. Kwake kava ni fremu ya kwanza, kwa hiyo umefanya vema kuanza na matundu. Kava uliyoitengeneza inaonekana mtu akiingia kwenye ukurasa wako kuchagua, au akitafuta.

Na kwenye ukurasa wako inakatwa. Instagram tangu Januari 2025 wameacha miraba, sasa vijisanduku ni 3 kwa 4. Maana yake katika 1920 za urefu wanaonyesha 1440 za katikati, juu zinaliwa 240 na chini 240. Maandishi yako yakae katikati. Waliotengeneza kava zao enzi za mraba wana vichwa vinavyoelea leo, nenda kaangalie.

Kwenye shoti ya YouTube, kwa kuwa wanachukua fremu ya ndani tu, watu huingiza ile kava ndani ya video yenyewe kwa nusu sekunde mwishoni, halafu wanaichagua wakati wa kupakia. Inafanya kazi, ila video ikijirudia inamweka mtu kwenye mtikisiko. Mimi siipendi, wengine wanaapa nayo.

Jambo la mwisho la kukumbuka, saa za shoti zinazotazamwa kwenye ule mkondo wa shoti haziingii kwenye zile 4,000 zako. Shoti inakuletea watu, saa zinatoka kwenye ile ya mlalo.

Harusi_za_Kwetu

Kwa hiyo sekunde 38 ndiyo urefu sahihi wa wima?

MkataPicha

Kwa mkate huu. Ungekuwa unaonyesha kusuka mkeka sijui tungefika ngapi.

Bi_Shangazi_Maskati

Nimeona kava mpya. Sasa ni mkate. Ila mwanangu mbona hujasema hamira kijiko kikubwa au kidogo? Nimerudisha nyuma mara tatu.

TuiLaKwanza

Kidogo shangazi, kimoja. Nadhani nimekata hapo pamoja na blenda. Ngoja niandike kwenye maelezo.